Alama zinapanda, majibu yanarefuka

"Nafunza modeli ya lugha kwa maoni ya watu. Alama za modeli ya tuzo zinapanda, lakini majibu yanarefuka bila maana. Tatizo nini?"

Ndugu, alama hizo ni makisio tu ya jibu ambalo watu wangelichagua. Modeli ya tuzo hujifunza kwa jozi: jibu lililopendwa na lililokataliwa. Kama kwenye jozi zako majibu marefu ndiyo yaliyoshinda mara nyingi, imeshika urefu kuwa dalili ya uzuri, na modeli ya lugha imeuona mwanya huo.

Pima hivi: chukua jibu fupi lililo sahihi, tengeneza nakala yake yenye aya mbili za kurudia yaleyale, kisha yapime yote mawili. Refu likipata alama zaidi, kosa liko kwenye modeli ya tuzo. Ongeza jozi ambazo jibu fupi limeshinda, uifunze upya.

Kwa sasa pandisha β kwenye `r − β·KL`: r ni alama ya modeli ya tuzo, KL ni kipimo cha umbali kutoka modeli ya awali, na β ni uzito wa adhabu ya kuiacha mbali. Ukiizidisha β, modeli itabaki karibu vilevile. Na mara kwa mara wape watu majibu mapya na ya awali wachague bila kujua lipi ni lipi. Mapya yakianza kushindwa huku alama zikipanda, rudi kwenye nakala ya modeli iliyotangulia.