Grafu ya bei ya mahindi: hesabu kwa kilo kabla ya kutafuta wastani

*"Wakuu, naandika bei ya gunia la mahindi kila wiki kwenye Excel, lakini grafu inarukaruka na msimu hauonekani. Nifanyeje?"*

Ndugu, mimi hununua mahindi vijijini wilayani Kongwa na kuyauza Dodoma mjini, na mwaka wangu wa kwanza niliandika bei ya gunia kama wewe. Kosa lilikuwa kwenye gunia lenyewe. Wakati wa mavuno wauzaji hufunga lumbesa, ingawa imekatazwa, na mahindi yakiadimika gunia hurudi kuwa la kawaida. Chukua mfano wa gunia la Julai la shilingi 72,000 lenye kilo 120, na la Februari la shilingi 90,000 lenye kilo 100. Kwa gunia, bei imepanda kwa asilimia 25. Kwa kilo imetoka 600 hadi 900, yaani asilimia 50. Nusu ya msimu ilifichwa na ujazo.

Kwa hiyo pima gunia kwenye mizani, siku ileile ya wiki, kwa mahindi ya ubora uleule. Weka tarehe safu ya A, bei B, kilo C, kisha andika fomula hizi na uzinakili hadi chini:

```
D2: =IF(C2="","",B2/C2)
E5: =AVERAGE(D2:D5)
F2: =WEEKNUM(A2)
G2: =YEAR(A2)
```

Safu ya E ni wastani unaosogea wa wiki nne. Bei zikiwa 620, 640, 630 na 710, wastani ni 650, hivyo mruko wa wiki moja, pengine kwa sababu mvua imefunga barabara, haukutishi. Wiki usiyokwenda sokoni iache wazi, usiandike sifuri: ukiweka sifuri badala ya ile 640, wastani unaanguka hadi 490, lakini nafasi tupu inakupa 653.

Ili msimu uonekane, usichore miaka yote kwenye mstari mmoja mrefu. Fungua karatasi ya pili, wiki 1 hadi 53 zishuke kwenye safu ya A kuanzia A2, miaka ikae juu kuanzia B1, na karatasi ya kwanza uiite Bei. Kisha andika hii kwenye B2 na uinakili chini na kulia:

```
=IFERROR(AVERAGEIFS(Bei!$E:$E,Bei!$F:$F,$A2,Bei!$G:$G,B$1),NA())
```

Hiyo `NA()` huzuia wiki tupu isichorwe kama sifuri. Chora grafu ya mistari, kila mwaka mstari wake. Kwetu bonde huonekana baada ya mavuno na kilima kabla ya mavuno yanayofuata. Mwaka mmoja hautoshi kuuita msimu, kwa sababu ukame peke yake unaweza kukichora kilima hicho. Mimi nilianza kuuamini mchoro nilipopata mistari mitatu.

Kumbuka pia kwamba wastani huu huchelewa: bei ikigeuka leo, mstari hugeuka baada ya wiki moja au mbili. Siku ya kununua, soma safu ya D pamoja na ya E. Na kabla ya kuamua kuweka akiba kwa sababu ya pengo la Julai na Februari, toa gharama ya ghala na dawa, pamoja na kilo zitakazopungua mahindi mabichi yanapokauka.