Akiba ya kupanda shilingi 5 kila siku: jumla ni ngapi, na itanibana wapi?

Swali: *Nauza mboga Kibuye, Kisumu. Jumatatu nataka kuanza kuweka 20, kesho yake 25, halafu 30, hivyo hivyo kwa siku 90. Mwenzangu wa chama anasema siku ya mwisho nitaweka 470 na jumla itakuwa 22,050. Ni kweli? Nikishatoa matumizi ya nyumbani hubaki na 250 hivi kwa siku, Jumapili kama 500.*

Jibu: Mwenzako amekosea kidogo tu, na kosa lenyewe ni la kawaida. Amezidisha 5 mara 90, akaongeza 20. Lakini siku ya kwanza hukuongeza chochote. Nyongeza inaanza siku ya pili, kwa hiyo zipo 89, si 90. Siku ya mwisho utaweka 20 + (89 × 5) = 465.

Huu ni mfululizo wa hesabu, yaani kila kiasi kinazidi kilichotangulia kwa kima kile kile. Kupata jumla huhitaji kujumlisha namba zote 90. Chukua ya kwanza na ya mwisho: 20 + 465 = 485. Ya pili na ya 89 ni 25 + 460, bado 485. Kila upande mmoja unapopanda kwa 5, wa pili unashuka kwa 5. Siku 90 zinatoa jozi 45, kwa hiyo:

45 × 485 = shilingi 21,825

Ya mwenzako ilizidi kwa 225.

Kwako, hata hivyo, jumla si tatizo kubwa. Tatizo ni mahali uzito unapoangukia. Siku 30 za kwanza zinakusanya 2,775 tu, 30 zinazofuata 7,275, na 30 za mwisho 11,775, zaidi ya nusu ya akiba yote. Ukibaki na 250 kwa siku, unafikia kikomo siku ya 47, maana siku hiyo ndiyo unaweka 250 kamili. Zinasalia siku 43 zinazodai zaidi ya hapo, na Jumapili zilizobaki haziwezi kuzibeba zote. Ndiyo sababu wengi huacha katikati wakidhani ni uvivu, kumbe ratiba yenyewe haikulingana na mfuko. Tena kuruka siku moja mwishoni kunauma kuliko kuruka mwanzoni: siku ya 80 ni 415, wakati siku tisa za kwanza kwa pamoja ni 360.

Dawa iko ndani ya zile zile jozi. Jumla haibadiliki ukibadili mpangilio, kwa hiyo andika viasi vyote 90 kwenye karatasi, kuanzia 20 hadi 465, uwe unakata kile ulichokamilisha. Ukianza Jumatatu, siku 90 zina Jumapili 12 na siku za kawaida 78. Viasi 12 vikubwa zaidi, 410 hadi 465, vitengee Jumapili. Vyote viko chini ya 500, na vinaleta 5,250.

Vinabaki viasi 78, vya 20 hadi 405. Vioanishe: 20 na 405, 25 na 400, na kuendelea, kila jozi ni 425. Sasa usiweke 20 leo na 405 kesho, maana zile 230 zinazobaki leo zitaliwa na kesho utakwama. Weka 210 Jumatatu na 215 Jumanne, kisha kata 20 na 405 kwa pamoja. Jumatano na Alhamisi kata 25 na 400, Ijumaa na Jumamosi 30 na 395. Hakuna siku ya kawaida itakayokudai zaidi ya 215, na viasi vyote vinaishia 0 au 5, kwa hiyo chenji haitakusumbua. Jozi ni 39: 39 × 425 = 16,575. Ongeza 5,250 za Jumapili, unarudi kwenye 21,825 ile ile.

Ukweli ni kwamba sasa unaweka karibu kiasi kimoja kila siku, na ule utamu wa kupanda unabaki Jumapili tu, 410 ya kwanza mpaka 465 ya kumi na mbili. Kwa mapato yako mimi ningechagua hivyo bila kusita.

Hesabu mkebe Jumapili ya nne jioni, yaani siku ya 28. Jozi 12 ni 5,100, na Jumapili nne ni 410 + 415 + 420 + 425 = 1,670. Unapaswa kukuta 6,770, wakati kwa mpango wako wa kwanza ungekuwa na 2,450. Ukikuta zimepungua 425 kamili, kuna jozi uliyoikata bila kuiweka. Ikipungua 210 au 215, ni siku moja iliyorukwa. Irudishe kabla haijapata mwenzake, lakini si kwa Jumapili moja: zile 500 zako hazitoshi kubeba kiasi cha Jumapili na deni la siku nzima, kwa hiyo itabidi uligawe deni hilo kwa siku za kawaida za wiki tatu.