Mlango mmoja kwa saa nzima

Swali la wiki: "Mgeni asiyeona anakuja Unguja kwa siku mbili. Ungempeleka wapi ili aijue Zanzibar kwa masikio, pua, vidole na ulimi?"

Nusu ya wasomaji wenu watajibu shamba la viungo, na nusu nyengine watajibu Forodhani usiku. Mimi nimetembeza wageni miaka kumi na tisa, na nasema msimpeleke huko kote kuwili. Si kwamba pabaya. Ila mgeni wa namna hiyo haharibikiwi na mahali, anaharibikiwa na saa, na mpangilio, na mtu aliyemshika. Najua, kwa sababu mimi mwenyewe nilimharibia mmoja siku nzima.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa Tanga, macho yamezima tangu ujanani. Alikuja na mpwa wake, lakini boti ilimchafua yule binti akalala hotelini siku zote mbili, basi Mwalimu akabaki mikononi mwangu. Mikononi hasa, maana pale bandarini nilimkamata kiganja nikamvuta kama mbuzi wa Idi. Akasimama. "Kijana," akaniambia, na mimi nina ndevu nyeupe, "usinishike. Mimi ndiye ninayekushika wewe." Akaweka vidole vyake juu kidogo ya kiwiko changu, akanitanguliza nusu hatua. Ukitembea hivyo mwili wako unamsomea njia. Ukipanda ngazi anajua, ukikata kona anajua, huna haja ya kupiga kelele. Kichochoro kikibana unarudisha mkono nyuma ya mgongo wako, naye anaingia nyuma yako mnapita kama mtu mmoja. Palipo na kidaraja unasimama kwanza, unasema kinapanda au kinashuka, ndipo unakwenda. Kwa Mji Mkongwe niongeze: mwambie baraza ziko upande gani. Baraza zetu tunazozipenda kwa kukalia zimekaa sawa kabisa na muundi wa mtu.

Hilo tulilimaliza bandarini. Kosa la pili nililifanya kwenye shamba la viungo la Kizimbani.

Nilimpa mimea kumi na mmoja kwa saa moja na nusu, kama ninavyowapa wote. Nikaanza na karafuu, kwa sababu ndiyo jina letu, na nikamwambia aitafune. Basi nikawa nimeshamaliza kazi. Mafuta ya karafuu ndiyo yale ya madaktari wa meno, yanatia ganzi. Ulimi wake ukalala, na pua nayo ikashiba. Mtu mwenye macho haoni tabu, maana anaona jani, anaona ganda, anapiga picha, anasema harufu nzuri na kusonga mbele. Mwalimu alikuwa na pua tu. Kwenye mmea wa tano akaniuliza kwa adabu, "Hii si ile ya mwanzo umenirudishia?" Ilikuwa hiliki. Nikacheka, yeye hakucheka. Tulirudi mjini kimya, na njia nzima nikihisabu fedha alizolipa kwa kitu alichokinusa mara moja.

Kesho yake nilimfuata saa moja asubuhi, kabla vespa hazijajaa vichochoroni. Mpango wangu ulikuwa Kiponda, kisha mahamamu ya Hamamni, kisha Darajani. Tukafika kwenye mlango mmoja ambao nimeuonesha wageni mara ngapi sijui. Siusemi ni upi, kuna wenyewe. Kwa kawaida nautumia dakika tatu: nakshi ya nyororo ya pembeni, yungiyungi, magamba ya samaki, misumari ya shaba, na hadithi ya tembo wa Bara Hindi waliozuiliwa kwa misumari. Picha. Twende.

Mwalimu akauliza kama anaweza kuugusa. Nikamwambia uguse. Akakaa kitako kwenye kizingiti.

Alianza chini kabisa, kwa mikono miwili, mmoja kwenye mwimo wa kulia na mwengine wa kushoto, akapanda nayo sambamba. Hakuwa akipapasa ovyo kama nilivyodhani. Alikuwa akilinganisha. Vidole vikiingia kwenye kipindo cha nyororo upande huu vinasubiri wenzao upande ule. Alipofika kimo cha kifua akasimama akahamia kwenye mfaa, ule mti wa katikati, akaupima upana kwa kiganja. Misumari aliihisabu safu kwa safu, na kila msumari akiugonga kwa ukucha. Mmoja ulilia vingine. "Huu umelegea," akasema. Nilisogea nikauangalia. Ulikuwa umelegea.

Wakati huo mimi nimeshaanza kutazama saa. Akarudi chini upande wa kushoto, akaita, "Kijana, hapa pana mkono wa fundi mwengine." Akanishika kidole changu akakipitisha. Kwenye nyororo, kama shibiri mbili kutoka chini, vipindo vilikuwa vifupi kwenda ndani na kingo zake kali. Juu yake vyote vilikuwa vimelainika kama sabuni iliyotumika. Kwa macho usingejua, rangi imefunika yote. Nimeusimulia mlango ule miaka yote, na sikujua kuwa kipande chake ni kiraka.

Hapo mlango ukafunguka, mkono wa Mwalimu ungali juu yake. Akatoka bi mkubwa na kanga begani, akatutazama mimi na yeye, akasema, "Hodi siku hizi inapigwa kwa kupapasa?"

Nilitafuta maneno sikuyapata. Mwalimu ndiye aliyesema shikamoo, akasema samahani, haoni, na kwamba amekuta kiraka. Bi mkubwa alinyamaza, kisha akatukaribisha ndani. Kiraka, akatueleza, ni cha zamani za baba yake. Mchwa waliingia kwenye mwimo kutokea ardhini, fundi akakata palipooza akatia mbao nyengine. Akamfungia Mwalimu mlango makusudi ili ausikie: kwanza ule mguno wa mlango, maana hauna bawaba, unazunguka kwenye tundu lake chini na juu, kisha komeo, kisha mnyororo. Kisha hakuna. Mtaa wote ukakatika. Kuta zile za mawe na chokaa ni nene, na hewa ya ndani ilikuwa baridi kuliko nje kwa kiasi cha kuisikia shingoni. Mwalimu akamwomba aufungue tena na kuufunga tena. Mara tatu! Bi mkubwa akaleta kahawa na kashata, na tukiwa tunakunywa akapita nje muuza kahawa anagonganisha vikombe, mlango uko wazi, Mwalimu akainua kidole kutunyamazisha.

Saa moja na nusu. Hamamni hatukufika, samaki wa Darajani walishanadiwa wakaisha, na mimi sikuwa na hasira hata kidogo.

Kwa hiyo nilipoliona swali lenu nilishajua jibu: mlango mmoja, asubuhi, saa nzima, na mahali pawili pa kusikiliza. Baada yake Hamamni, kwa sababu ukumbi mkubwa unarudisha sauti yako kwa namna moja na vyumba vidogo vya ndani kwa namna nyengine, na mtu anajua amepita mlango bila kuambiwa. Mlango uchagueni usioelekea magharibi kama mtakwenda alasiri, shaba inaunguza. Forodhani mwende kabla ya magharibi, sio usiku. Usiku wauzaji kumi wanaita kwa pamoja, jenereta zinanguruma, na kwa mtu wa masikio hiyo ni sawa na kumulikwa kurunzi usoni. Alasiri utasikia vijana wanaruka baharini kutoka ukutani mmoja mmoja, mbio za miguu mitupu, kimya, kisha maji. Muuza miwa yupo, mashine yake inasaga, na tangawizi na ndimu unazisikia puani kabla hujashika glasi. Urojo mpeni akiwa amekaa, kwenye bakuli, na mwambieni kilichomo. Badia, kachiri na mayai kwenye mchuzi mmoja ni mtihani hata kwangu.

Ningeishia hapa, lakini kuna jambo linanisuta.

Mwalimu alinipigia simu baada ya miezi miwili. Nilingoja aniambie habari ya mlango. Akaniuliza habari ya ule mzizi. Mzizi upi? Ule wa mdalasini, anasema, uliochimbua kule shamba mwishoni, unaonuka dawa ya mafua ya kupaka kifuani. Kumbe katika kumi na mmoja mmoja ulipenya. Alikuwa akiwasimulia wajukuu kuwa mti mmoja una harufu nyengine kwenye jani, nyengine kwenye ganda na nyengine kabisa chini ya ardhi. Mlango niliutaja mimi. "Aa, yule mama," akasema, "msalimie."

Basi sijui tena. Mlango ulikuwa wake, au ulikuwa wangu? Tena mlango hauwekwi kwenye ratiba ya watu, bi mkubwa yule si makumbusho. Kama mtaniuliza kwa mgeni mwenye siku mbili tu, nakiri, kwa shingo upande, mpelekeni shamba, lakini asubuhi ya kwanza na mimea mitano, isizidi. Anzeni na mchaichai, jani lisuguliwe mkononi mwake mwenyewe. Kisha hiliki, naye achutame, kwa sababu matunda yake yako chini kwenye shina karibu na udongo, ayatafute mwenyewe. Hapo pumzisheni pua kwa kungumanga: pasueni tunda mbichi aguse basbasi iliyolikumbatia ganda kama wavu uliolowa, kisha mpeni kokwa kavu alitikise sikioni, kungu inacheza ndani. Kisha mdalasini, jani, ganda na mzizi, kwa utaratibu huo na bila kumtajia ni mti mmoja mpaka amalize. Kati ya mmoja na mwengine anuse mkono wake wa shati, ndio harufu anayoijua.

Karafuu mwisho kabisa, na anuse tu. Akitaka kuitafuna, atafune baada ya chakula cha mchana, sio kabla.