Kubadili rangi ya shati katika picha nyingi

"Nina picha 40 za mwanamitindo mmoja akiwa amevaa shati jeupe. Nataka lionekane katika rangi 6 bila kuhariri picha moja moja. Nifanyeje katika Photoshop?"

Ndugu, kazi ya mkono haikwepeki kabisa, kwa sababu mikunjo ya shati hubadilika kila pozi, lakini utaifanya mara 40 tu, si mara 240. Katika kila picha chagua shati kwa `Object Selection`, rekebisha kingo za kola na vidole vilivyogusa kitambaa, kisha hifadhi uteuzi huo kama maski ya kundi la matabaka. Ndani ya kundi weka matabaka 6 ya `Solid Color`, yote yakiwa katika hali ya `Multiply` ili vivuli vya shati vibaki. Yape majina yaleyale katika kila faili, kwani hapo ndipo wengi huharibu.

Sasa rekodi `Action` moja kwa kila rangi: ioneshe tabaka la rangi hiyo, ifiche mengine, kisha iunganishe yote. Ziendeshe kupitia `File > Automate > Batch`, kila rangi ikiwa na folda yake, na faili asilia zisiguswe.

Rangi nyeusi ningekushauri uipige picha upya, maana `Multiply` humeza mikunjo na shati huonekana kama karatasi iliyobandikwa. Kabla ya kuchapisha, linganisha kila rangi na kitambaa chenyewe kwenye mwanga wa mchana. Mteja akipokea bluu tofauti na aliyoiona, atalirudisha shati.