SAML: saini ipo, lakini inahakikiwa?

Swali: Mfumo wetu wa malipo unatumia SAML kuwaingiza watumiaji kupitia seva ya utambulisho. Tamko la seva hiyo kuhusu mtumiaji lina saini, na muda wake wa mwisho, NotOnOrAfter, ni dakika 5. Nikague nini zaidi?

Jibu: Kuwepo kwa saini hakuthibitishi kwamba kuna anayeihakiki. Kwenye mazingira ya majaribio, nasa `SAMLResponse` kwa zana ya Burp, ifumbue kutoka base64, badilisha `NameID`, yaani jina la mtumiaji, irudishe kwenye base64, kisha itume. Ikikataliwa, rudia ukiwa umefuta `Signature` yote. Hapo ndipo mifumo kadhaa huumbuka: saini ikiwepo inahakikiwa, isipokuwepo mlango uko wazi. Halafu acha tamko halisi na saini yake, uchomeke kando la bandia lenye jina la msimamizi. Ukiingia kama msimamizi, programu inahakiki tamko moja na kusoma jingine.

Kila jaribio litumie jibu jipya. La zamani linaweza kukataliwa kwa muda kupita, ukadhani saini ndiyo iliyokuokoa. Soma logi uone sababu.

Zile dakika 5 ni za kupokea tamko tu. Kikao kinaishi kwenye kuki ya programu yenyewe. Ingia, fungia akaunti kwenye seva ya utambulisho, kisha endelea kubofya uone inachukua muda gani kutolewa. Angalia pia kama programu inaheshimu `SessionNotOnOrAfter`, ukomo wa kikao uliotajwa kwenye tamko, au inaipuuza.

Msomaji: Sisi tuliwasha kutoka kwa pamoja, yaani ukitoka sehemu moja unatolewa kote, vikao virefu vikaisha.

Jibu: Kwa anayebonyeza kutoka, sawa. Anayefunika laptop na kwenda nyumbani je?