Upimaji hauendani na lengo

"Mthibiti ubora wa shule kaandika hivyo kwenye andalio langu la somo. Lengo: mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Zoezi: taja asili ya 2/3. Nirekebishe wapi?"

– Badilisha kitenzi tu mwalimu, "aelewe" hawaitaki.

– Hajaandika "aelewe", soma tena. Kitenzi chake kizuri, zoezi ndilo linapima kutambua badala ya kujumlisha. Mwalimu, anza na swali la mwisho: 1/2 + 1/3, kila mtoto kwenye daftari lake. Kisha rudi katikati ya somo, wakunje karatasi vipande 6 sawa, waone 3/6 na 2/6. Ukikokotoa wewe ubaoni wao wakinakili, mthibiti atakuandikia tena, maana yeye hukaa nyuma ya darasa akisoma madaftari.

– Darasa la watoto 90, karatasi anatoa nani?