Karani Si Wangu, Daftari Si Langu

Juzi usiku kijana mmoja wa Malindi ameniandikia. Ni mchambuzi wa takwimu kwenye mradi fulani, ameitwa usaili wa kupandishwa cheo, na ameambiwa aje na mfano wa uongozi aliouonyesha. "Dada, mimi sina hata mtu mmoja chini yangu. Nitawaambia nini?" Nilicheka, kisha usingizi ukanipaa. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa mimi, hapahapa Amu, yaani mji wa Lamu, nikababaika mpaka nikajionea haya.

Mimi ni mratibu wa takwimu za samaki. Cheo kinasikika kikubwa, lakini sina ninayemwamrisha. Nina madiko saba ya kushushia samaki, kutoka hapa Amu hadi kisiwa cha Pate, na kila diko lina karani anayeandika chombo gani kimerudi, kwa nyavu au mishipi au madema, na samaki kilo ngapi. Karani ni mtu wa kamati ya usimamizi wa ufuo, zile kamati zilizowekwa na kanuni za 2007. Wavuvi wenzake ndio waliomchagua na posho yake inatoka kwao. Mimi siwezi kumpa likizo wala kumkata senti. Fomu anayojaza pia si yangu, ni ya afisa wa uvuvi. Kilicho changu ni ripoti, nayo lazima itoke tarehe 5 ya kila mwezi.

Mwezi wa tatu mwaka jana makarani wawili tu ndio walioleta kwa wakati. Nikapandwa na hasira. Nikatengeneza jedwali, waliochelewa nikawatia rangi nyekundu, nikalirusha kwenye kundi la Wasapu saa tatu usiku, na wakubwa wote wamo humo. Karani mmoja wa upande wa Pate, mzee wa makamo ya baba yangu, akajibu, "Ahsante, binti," halafu akajitoa kwenye kundi.

Mwezi uliofuata zikaja ripoti zote saba kabla ya tarehe 5. Siku mbili nzima nilitembea kifua mbele. Siku ya tatu nikazisoma.

Kilo karibu zote ziliishia na sifuri au tano: 20, 35, 50, 15. Mizani ya diko haipimi hivyo. Samaki halisi huja na 17 na nusu, na 23, na 8. Tena Ijumaa zilikuwa zimejaa sawa na siku nyingine, na katika madiko yale wavuvi wengi Ijumaa hawatoki. Na kwenye diko moja vyombo vilevile vinne vilirudi kila siku ya mwezi, kana kwamba hakuna nahodha aliyeugua, wala injini iliyoharibika, wala siku bahari ilipochafuka. Watu walikuwa wameketi nyumbani wakaniandikia nilichotaka. Niliwatisha, nao wakanipa karatasi.

Basi kijana wangu, usije ukahesabu kwamba umeongoza kwa sababu tu kazi imefika kwa wakati. Ifungue kwanza.

Nikapanda boti kwenda Pate. Anayeijua njia ile anajua kwamba mkondo wa Mkanda haupitiki maji yakitoka, kwa hiyo nilifika jioni, nikalala, na asubuhi nikaenda kukaa na yule mzee kwenye banda lake. Samahani nilimwomba kabla ya kufungua daftari. Hakunijibu kitu, alinisogezea kikombe cha kahawa.

Kisha maji yakajaa, na vyombo sita vikaingia karibu kwa pamoja. Hapo ndipo nilipoelewa. Fomu ilikuwa na safu 14. Nilishika saa: chombo kimoja kilimchukua zaidi ya dakika nne, na wakati huo samaki wako juani, tajiri anayenunua samaki anagombana na nahodha juu ya bei, na mizani ni ya tajiri, haisubiri karani. Kufika chombo cha tatu mzee aliacha kuandika, akaanza kuweka kichwani. Jioni angekumbuka alichokumbuka.

Usiku ule nikahesabu safu ninazozitumia kwenye ripoti yangu. Zilikuwa sita. Nyingine nane hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ningeweza kuandika barua kwa afisa kwamba fomu yake ni mbaya. Nilishaonja matunda ya jedwali jekundu, sikuthubutu. Nilimwomba tu aje naye diko siku moja, maji yakijaa, na nikampa kalamu ajaze yeye mwenyewe. Alijaza vyombo viwili. Cha tatu akaniuliza, "Hii safu ya rangi ya chombo tunaifanyia nini?" Tukapunguza hadi saba, ya saba ni ya maelezo. Na tangazo la fomu mpya nilimwachia yeye alitoe, kwa jina lake. Iliniuma, sisemi uongo. Baadaye kwenye semina bosi mmoja wa mradi aliisifu fomu ile kwa dakika tano na jina langu halikutajwa hata kwa makosa. Mpaka leo nikikumbuka kinanikera. Lakini fomu ingetangazwa kwa jina langu, makarani wangeiona ya mwanamke wa ofisini, na siku nitakapohamishwa mimi ingekufa.

Jambo la pili: hawa watu walikuwa wananipa takwimu kila mwezi na mimi siwapi chochote. Nikaanza kuwarudishia karatasi moja tu, herufi kubwa, ya kubandika bandani: kilo ya kamba mawe mwezi uliopita iliuzwa wapi kwa bei gani. Diko moja likagundua linauza kwa shilingi mia pungufu kuliko jirani yake. Kuanzia hapo si makarani tu waliotaka ripoti itoke, manahodha nao walianza kuwasukuma. Kwa sababu walikuwa wanaisoma, karani akiandika kilo za uongo alisutwa na mwenye chombo papo hapo.

Sitakudanganya kwamba lilifaulu kila mahali. Kuna diko ambalo karani anaishi kwa mkopo wa tajiri, na tajiri hakupenda bei zibandikwe. Karatasi ilichanwa mara mbili. Pale ushawishi wangu uliishia, ikabidi nipeleke kwa wenye mamlaka. Lakini nilianza kwa karani mwenyewe: "Jumatano nitalisema hili kwa afisa, na nitasema hivi na hivi. Una la kuongeza?" Alikuwa nalo, na ndilo lililosaidia. Watu wengi wa kazi zetu hukimbilia kwa bosi kimyakimya, kisha wanashangaa kwa nini hawasalimiwi. Mwambie mtu usoni kabla hujamsema mgongoni! Nilirudia kosa hili mara nyingi kabla halijaniingia.

Kwa hiyo kwenye usaili, mdogo wangu, usiwaambie "mimi hushirikiana vizuri na watu", wameshalisikia. Waambie kulikuwa na nini, nani alikuwa na uamuzi ambao wewe hukuwa nao, ulimpa nini ili auchukue, na ulijuaje kwamba kimebadilika. Mimi leo ningesema: wawili kati ya saba, leo sita kati ya saba, na kilo zinaishia na tarakimu zote.

Jana mchana yule mzee wa Pate amenipigia mwenyewe, tarehe si ya ripoti wala sikumtafuta. Mizani imekatika springi, mpaka Jumatatu watakadiria kwa macho. "Sasa binti, zile za kukadiria nikuwekee alama gani, usije ukazichanganya?" Nikamwambia aweke K pembeni, kwenye safu ya saba.